Simu ya Ijumaa: jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya mtu aliye ughaibuni anayepiga simu nyumbani

Filamu nyingi za namna hii huharibika mahali pamoja. Binti yuko Arabuni, anapiga simu, mama anamwambia "tumekukumbuka mwanangu", wote wanalia, muziki wa piano unaingia, na mwisho binti anafuta machozi na kusema atavumilia. Mtazamaji aliyewahi kukaa huko anajua simu haziendi hivyo. Simu halisi ni ya kuficha. Aliye mbali anaficha uchovu, aliye nyumbani anaficha matatizo, na wote wawili wanajisifu kidogo ili mwenzake alale salama.

Basi kanuni ninayoifuata ni hii: maneno yabebe fahari, picha ibebe upweke. Hatua zote hapa chini zinaitumikia kanuni hiyo. Nitatumia filamu moja ya mfano, ya dakika saba, inayoweza kupigwa yote mkoani Tanga na watu watano wenye simu mbili nzuri.

Hatua ya kwanza: chagua nyumba, mji na saa

Usiandike "Uarabuni". Andika mji. Mfano wetu ni Zuhura wa Muheza, anayefanya kazi za ndani Maskati. Nimeichagua Oman kwa sababu inakupa kitu ambacho nchi nyingine za Ghuba hazikupi kirahisi: ndani ya nyumba ya mwajiri huenda kuna mtu anayekielewa Kiswahili. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar walihamia huko baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970 Sultani Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Kwa hiyo mama mzee wa nyumba, aliyekulia Unguja, anaweza kuwa amekaa ukumbini na tasbihi yake huku anasikia kila neno. Zuhura hana lugha ya siri. Ana Kibondei tu, na hicho tutakitumia mara moja.

Sasa saa. Maskati iko mbele ya Muheza kwa saa moja, na tofauti hii ndogo ndiyo itakayoipa filamu mwanga wake. Mwanzoni mwa Desemba jua la Maskati linazama karibu saa kumi na moja na dakika ishirini jioni kwa saa za kule. Wakati huohuo Muheza ni saa kumi na dakika ishirini, jua bado kali, na litazama baada ya saa mbili hivi. Ukiweka simu yako katika dakika hizo, chumba cha Zuhura kinaingia giza taratibu huku nyumbani kukiwa kweupe pe. Na adhana ya Magharibi itaingia katikati ya mazungumzo. Mama, ambaye ndiyo kwanza ameswali Alasiri, ataisikia ndani ya simu. Hiyo ndiyo saa ya filamu yako, na hutahitaji maandishi ya "Maskati, Oman" kwenye kioo.

Siku iwe Ijumaa, kwa kuwa huko ni siku ya mapumziko: mchana watu wamekula na kulala, na mfanyakazi anapata nafasi kabla ya chakula cha usiku.

Ukitaka kuihamishia hadithi Dubai, kumbuka kwamba Falme za Kiarabu zimezuia kwa miaka mingi simu za WhatsApp, na watu wengi hutumia Botim. Vizuizi hivi hutofautiana nchi na nchi na hubadilika. Njia salama ni kutoonyesha jina la programu kwenye kioo popote.

Kabla ya kuandika, zungumza na mtu mmoja aliyerudi. Usimuulize "ulijisikiaje?", maana atakupa hotuba. Muulize ni kitu gani hakuwahi kumwambia mama yake kwenye simu, na alikuwa akikaa wapi wakati wa kupiga. Majibu ya maswali hayo mawili yanatosha kujenga filamu. Jina lake na mambo yanayoweza kumtambulisha yabaki kwako.

Hatua ya pili: mpe kila mmoja siri yake

Chukua kadi mbili. Kwenye moja andika anachokificha Zuhura, kwenye nyingine anachokificha mama. Kila kadi sentensi moja. Ukishindwa kuandika kwa sentensi moja, hadithi bado haijaiva.

Kadi ya Zuhura: mkataba wake wa miaka miwili unaisha mwezi ujao na nyumbani wanamsubiri, lakini ameshakubali kuongeza miaka miwili mingine ili amalizie nyumba.

Kadi ya mama: hela ya bati aliyotuma binti ilitumika kwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na nyumba imesimama kwenye lenta.

Tazama jinsi siri hizi zinavyoshikana. Binti anabaki kwa ajili ya nyumba, na nyumba haijengwi. Hakuna mbaya hapa: mama hakuiba, alitaka kuona. Epuka mjomba mlevi aliyekula hela. Yupo katika maisha, lakini akiingia kwenye filamu ya dakika saba anaimeza yote, na hadithi inageuka kuwa ya mwizi.

Halafu amua kila mmoja anaificha vipi siri yake kwa kutumia simu yenyewe. Simu ya video ina fremu, na mwenye simu ndiye anayeipanga. Zuhura amekaa kwenye kona moja safi ya chumba, yenye pazia zuri. Kamera yetu ikirudi nyuma tunaona ndoo, pasi, mlima wa nguo za watoto zinazosubiri kunyooshwa, na godoro lililoegemezwa ukutani. Mama naye anaonyesha paji la uso na kipande cha khanga tu. Watazamaji watacheka, kwa kuwa wazee wote hushika simu hivyo, na kicheko hicho kitakuficha wewe mwandishi: hawatashuku kwamba anaficha jicho lenye bandeji. Shoti yetu ya mama mzima ije baada ya dakika ya pili.

Hatua ya tatu: andika mazungumzo

Ukurasa mmoja wa skripti hukaribia dakika moja, kwa hiyo kurasa saba. Piga marufuku maneno mawili: "nimekukumbuka" na "vumilia". Upweke utoke kwenye maswali madogo ambayo mtu aliye nyumbani hawezi kuuliza: mvua imenyesha? Ule mwembe wa kwa kina shangazi umezaa? Kuku mweupe bado yupo?

Salamu usizikate. Wahariri wana haraka ya kuingia kwenye kisa, lakini katika simu kama hii salamu ndimo mtu anamopima hali ya sauti ya mwenzake. Hiki ni kipande cha ukurasa wa kwanza:

ZUHURA: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Hujambo?

ZUHURA: Sijambo, alhamdulillahi. Nyie hamjambo?

MAMA: Hatujambo, wazima. Joto la huko limepungua?

ZUHURA: Limepungua. Mama, zile za bati zilifika?

MAMA: Zilifika. Mungu akuzidishie. Hata juzi fundi alikuwa hapa.

ZUHURA: Nionyeshe basi.

MAMA: Aa, jua linapiga kwenye kioo, hutaona kitu. Umekula?

ZUHURA: Nimekula. Huku nyama kila siku, mpaka naichoka.

MAMA: Umenenepa.

ZUHURA: Si ndiyo raha hiyo, mama.

Hajanenepa, na wote wawili wanajua. Chagua mwigizaji mwembamba.

Katikati ya filamu mpe simu mtoto wa Zuhura, Kassim, wa miaka sita. Mtoto hana siri, kwa hiyo ndiye anayevunja fremu. Anakimbia na simu hadi kwenye nyumba, picha inayumba, mbingu, majani, ukuta wa tofali, na hapo anasema: "Mama, mbuzi wanalala chumbani kwako!" Tunaiona nyumba isiyo na paa. Jibu la Zuhura ndilo moyo wa filamu, na lazima liwe la fahari: "Waache wailinde nyumba yangu." Anacheka. Mama anampokonya mtoto simu na kueleza haraka kwamba bati zipo, zimehifadhiwa kwa fundi.

Kisha Kassim anauliza kwa mbali, "Unakuja lini?" Zuhura anatazama mlangoni, kwa kuwa yule mama mzee wa nyumba yuko ukumbini na Zuhura hataki asikie. Anasema sentensi moja ya Kibondei. Sentensi hiyo usiibuni kwenye meza yako; mpelekee Mbondei, umweleze hali yote, akuambie binti angesemaje kwa mama yake. Usiiwekee tafsiri. Asiyejua Kibondei ataelewa kutokana na jibu la mama, ambalo ni la Kiswahili: "Sawa. Bati haziozi."

Bati ambazo hazipo. Ukifika hapo umemaliza, kilichobaki ni adhana na kuagana. "Kwenu Magharibi tayari?" "Tayari, mama." "Haya, kaswali."

Hatua ya nne: Maskati iliyoko Tanga

Huhitaji kwenda Oman. Unahitaji chumba kidogo chenye vigae, dirisha la alumini la kusukuma, na kiyoyozi ukutani. Nyumba mpya nyingi mjini Tanga zinacho. Soketi za Oman ni za pini tatu bapa kama zetu, kwa hiyo hata ukuta hautakusaliti. Kitakachokusaliti ni nje: minazi na pikipiki. Funga kioo na uweke pazia jepesi, tuone mwanga tu.

Vitu vya mkononi ndivyo vinavyoshawishi. Chupa ya jiki yenye maandishi ya Kiarabu, birika la kahawa linalosubiri kuoshwa, risiti ya kutuma hela iliyokunjwa mara nne. Kwenye risiti, kumbuka riali ya Oman hugawanywa mara 1,000, kwa hiyo kiasi huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta: 50.000 ni riali hamsini tu. Filamu moja niliyoitazama ilionyesha "OMR 50,000" na ukumbi ukacheka mahali pasipostahili. Riali moja ni zaidi ya shilingi 6,000 za Tanzania, na mama anaweza kuipiga hesabu hiyo kwa vidole huku anaongea. Hapo riali hamsini iliyoonekana ndogo chumbani inakuwa kubwa Muheza.

Mwanga wa jioni ndio kazi ngumu. Machweo ya kweli yanakupa kama dakika ishirini za matumizi kwa siku, hazitoshi filamu nzima. Kwa hiyo piga shoti pana moja tu katika machweo halisi, siku mbili mfululizo ili uwe na akiba. Shoti za karibu zipige mchana: funika dirisha kwa nje na shuka nyeupe, weka taa ya LED ya kupunguzika nyuma yake, na uipunguze kila baada ya ukurasa mmoja wa skripti. Andika kiwango cha taa pembeni ya kila ukurasa, la sivyo siku ya pili uso wa Zuhura utakuwa mweupe ghafla mahali pa giza. Kuanzia ukurasa wa sita mwanga wa kioo cha simu ndio unaomulika uso. Hawashi taa. Usieleze kwa nini.

Hatua ya tano: piga simu ya kweli

Waigizaji wasisomeane mistari kutoka nyuma ya kamera. Mweke Zuhura chumbani na mama kwenye nyumba nyingine, mbali kiasi cha kutosikiana, na wapigiane kweli. Ule ucheleweshaji mdogo wa intaneti, watu kugongana maneno na kusema "haya, sema wewe", hauigiziki.

Tatizo ni sauti. Sauti ya mama ikitoka kwenye spika ya simu itaingia kwenye maiki ya Zuhura, na hutaweza tena kuitenganisha wakati wa kuhariri. Dawa yake tayari iko kwenye hadithi: Zuhura anavaa spika ya sikioni, sikio moja, lile lililo mbali na kamera, kwa kuwa hataki ukumbi usikie mazungumzo ya upande wa pili. Mama naye afichiwe yake chini ya mtandio, kisha sauti ya Zuhura itoke "kwenye simu" wakati wa kuhariri. Kila upande uwe na kinasa sauti chake, na kila upande upige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, ili mhariri alinganishe picha na sauti.

Zima kiyoyozi wakati wa maneno. Baadaye kiwashe, nyote mnyamaze, rekodi dakika mbili za mvumo wake. Utaulaza chini ya kila shoti ya Maskati, na utaficha maungio yote. Kwa Muheza rekodi jogoo, upepo, na kinu cha jirani kama kipo.

Kamera: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa zitapepesa. Programu za kamera za kawaida kwenye simu nyingi huficha mipangilio hii. Blackmagic Camera ni ya bure na inakupa yote. Funga mwangaza na rangi kabla ya kila shoti. Ukiacha kamera ijirekebishe yenyewe, itaipa nuru ile jioni uliyoihangaikia, na utaona uso wa Zuhura ukififia na kurudi kila anapogeuka.

Jambo la mwisho ni macho. Zuhura akitazama kulia kwa fremu, mama atazame kushoto. Ukizibandika shoti zao pamoja, wataonekana wamekaa uso kwa uso ingawa kuna bahari kati yao. Ni kosa la kawaida wote kutazama upande mmoja, na dalili yake ni kwamba wakati wa kuhariri mazungumzo yanaonekana kama watu wawili wanaomwongelesha mtu wa tatu. Baada ya "Bati haziozi" ndipo unapoivunja kanuni hii ya macho kwa makusudi: mpige mama kutoka upande wa pili, naye atazame kulia vilevile. Mtazamaji hatajua kilichobadilika, ila atahisi wameachana.

Picha za Kassim akikimbia na simu, mwachie mtoto mwenyewe apige, simu ikiwa wima. Zirudie mara nyingi uwezavyo kabla hajachoka, na mzazi wake awepo muda wote.

Hatua ya sita: hariri kwa kumtazama anayesikiliza

Kila mstari wa majivuno, weka uso wa anayeusikia. "Huku nyama kila siku" isikike juu ya uso wa mama. "Fundi alikuwa hapa" isikike juu ya mikono ya Zuhura iliyopasuka kwa jiki. Ukimwonyesha msemaji anaposema, unapata habari. Ukimwonyesha msikilizaji, unapata kile ambacho hakusema.

Sauti ya upande wa pili isiwe safi. Simu za zamani zilipitisha kama hezi 300 hadi 3400, na watu wengi huweka kipimo hicho, lakini simu za intaneti ni angavu zaidi. Mimi huanza na amri hii ya ffmpeg, programu ya kuchakata sauti na video, kisha naongeza au kupunguza kwa sikio:

```
ffmpeg -i mama.wav -af "highpass=f=200,lowpass=f=6000" mama_simu.wav
```

Ikibaki ya kistudio mno, icheze kwenye spika ya simu halisi ndani ya chumba kilekile na uirekodi upya. Adhana nayo iwe mbili: safi tunapokuwa chumbani, iliyochujwa tunapokuwa Muheza. Muziki sioni unahitajika. Ukiuweka, mtazamaji ataambiwa alie saa ngapi, na fahari ya Zuhura itaonekana ya uongo.

Sasa jaribio. Itazame filamu yote bila sauti: uone mtu mpweke. Kisha fumba macho uisikilize: usikie familia inayojivunia. Ukiona upweke na kuusikia pia, kuna mistari imezidi, rudi uikate. Ukisikia fahari na kuiona pia, huenda ulipendezesha chumba kupita kiasi, au Zuhura anatabasamu hata pale ambapo simu haimwoni. Katika mfano huu mimi ningetazama hasa dakika ya nne, baada ya mbuzi. Akishacheka, simu ikiwa imeelekea kwa mtoto, abaki sekunde tano bila kucheka. Mwigizaji ataona ni nyingi mno na mhariri atataka mbili. Shikilia tano.

Hatua ya saba: vibali na kuionyesha

Tanzania Bara kibali cha kupiga na kuonyesha hutolewa na Bodi ya Filamu. Kenya kuna leseni na uainishaji wa Kenya Film Classification Board. Ridhaa ya mzazi wa mtoto na ya mwenye nyumba iwe ya maandishi. Usitumie adhana uliyoipakua mtandaoni, rekodi ya msikiti wa jirani kwa ruhusa yao.

Maandishi ya Kiingereza yanahitajika kama utaituma kwenye tamasha kama ZIFF la Zanzibar. Ya Kiarabu yanafaa zaidi ukitaka ionekane Maskati. Katika yote mawili sentensi ya Kibondei iache bila maandishi. Na kwa kuwa wengi watakaotaka kuiona wako kwenye vyumba kama cha Zuhura na wataipata kwa kutumiana, itume kwenye WhatsApp kama dokumenti, isiwe kama video, kwani ikibanwa zile dakika mbili za mwisho za giza huwa vipande vyeusi tupu. Toa pia nakala ya pili iliyoongezwa mwangaza kidogo kwa ajili ya simu za bei ndogo, na uijaribu kwenye simu ya namna hiyo, nje, juani.